Miaka 4 ya gereji Arusha: niingie chumba cha pampu au nibaki fundi wa gari zima?

Chalii_wa_Sakina
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni fundi magari, nina miaka 26, nipo Arusha. Nilimaliza VETA nikaingia moja kwa moja kwenye gereji ya kampuni ya utalii hapa mjini, huu ni mwaka wa nne. Tuna Landkruza 14, zote za injini ya 1HZ, na Prado mbili za ofisi. Msimu wa wageni kazi ni za haraka haraka: gari linaingia saa mbili usiku, alfajiri linatakiwa Tarangire. Ikifika masika, Aprili na Mei, ndipo tunayafungua kweli: springi, busha, breki, gia boksi, bodi. Injini nimeshiriki kushusha mara mbili. Mshahara ni 450,000.

Sasa kuna mzee mmoja Unga Limited ana chumba cha pampu na nozo za dizeli, ana benchi lake la kupimia. Kijana wake mkubwa ameondoka. Ananijua kwa sababu mimi ndiye ninayempelekea nozo zetu. Ameniambia nihamie kwake, atanipa 250,000 kwa mwezi na fungu dogo kwa kila kazi nitakayoimaliza mwenyewe, na baada ya miaka mitatu nitakuwa fundi pampu kamili.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Nikibaki, naona nitafika miaka 32 najua kila kitu nusu nusu. Nikienda, nitajua kitu kimoja, na siku kitu hicho kikikosa soko sina pa kushika. Nina mtoto mmoja, hivyo hiyo 200,000 inayopungua tutaisikia nyumbani. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa Februari maana masika hayo yanakuja.

Waliopita njia hii naomba mniambie ilikuwaje kwao. Nawasilisha.

Benchi_ndo_Mpango
Dogo, nenda. Usifikirie mara mbili.

Mimi nipo kwenye pampu mwaka wa kumi na moja. Nakupa mfano wa wiki iliyopita. Prado ya dizeli, injini ya 1KD, asubuhi inawaka kwa ufunguo mmoja. Ikitembea ikapata moto, ukiizima dukani ukitaka kuwasha inazungusha tu, inazungusha, mpaka betri inalegea. Ikipoa nusu saa inawaka kama si yenyewe. Mwenye gari alishapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha chujio la dizeli, wa pili akabadilisha vali ya pampu, wa tatu akamwambia anunue pampu nzima.

Imekuja kwangu, nimechomoa mipira ya marejeo ya nozo zote nne, nikatumbukiza kila mmoja kwenye chupa yake, nikaiacha injini inguruma. Chupa tatu zilipanda pamoja. Ya nozo namba tatu ilijaa wenzake hawajafika nusu. Ugonjwa umeonekana kabla chai haijapoa. Nozo imelika ndani, dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi inavujia kwenye marejeo, pampu wakati wa kuwasha inazunguka polepole haiwezi kujaza presha inayotakiwa kwenye reli, lile bomba linalogawia nozo zote dizeli, kompyuta inagoma kufungua nozo. Basi.

Wale watatu si wajinga, wana uzoefu mwingi. Lakini hawakuwa na kipimo kichwani. Mshika mbili moja humponyoka. Hela ipo kwa anayejua kitu ambacho wenzake hawakijui.

Mama_Kihamba
Mwanangu, mimi ningekushauri usikimbilie kukopa. Mdogo wangu alikopa kufungua gereji Majengo hapa Moshi, vifaa vikachukuliwa mwaka wa pili. Baki kwenye mshahara kwanza ujijenge, mtoto bado mdogo.

Chalii_wa_Sakina
Mama shikamoo, asante. Sifungui gereji yangu wala sikopi, ni kuhama kwenda kuajiriwa kwingine. Ila hilo la mtoto umenigusa.

@Benchi_ndo_Mpango kaka hiyo ya chupa nimeielewa, na Prado zetu moja ina dalili hiyo hiyo. Kesho naijaribu.

Dereva_wa_Nyika
Nizungumze kama mtu anayekaa nyuma ya usukani, siyo chini ya gari.

Mwaka jana nilikwama kati ya Ndutu na Naabi na wageni sita. Springi ya nyuma ilikatika, ikasukuma bomba la breki, mafuta ya breki yakaisha. Niliyemhitaji siku ile ni mtu wa kuifunga springi kwa mti na mpira, kulikunja lile bomba la breki na kulibana gurudumu moja lipumzike, kisha kunipa breki za magurudumu matatu nifike Seronera. Fundi wetu aliniongoza kwa redio hatua kwa hatua. Fundi pampu angenisaidia nini pale?

Makampuni yanawalipa vizuri mafundi wa kwenda porini. Bakia gari zima, chalii wangu, ila hakikisha unaomba kutoka na magari.

Mzee_wa_Spana
Nimesoma wote. Mimi nimeanza ufundi mwaka 1991, nimekaa Moshi na Arusha, na vijana waliopita mikononi mwangu ni wengi. Chalii, nitakuambia jambo moja kwa kirefu, uvumilie.

Miaka kadhaa iliyopita waliniletea 1HZ ya safari, ile iliyorefushwa bodi. Malalamiko ya mwanzo ya dereva yalikuwa "gari haina nguvu". Kampuni ikalipeleka kwa fundi pampu, ambaye kusema kweli alikuwa na mkono mzuri. Akashusha pampu, akasafisha, akabadilisha nozo zote sita, na kwa kuwa dereva analalamikia nguvu, akaongeza kidogo kipimo cha mafuta kwenye skrubu. Dereva akafurahi. Wiki moja.

Safari iliyofuata lilipanda Ngorongoro. Kutoka geti la Loduare kwenda juu ukingoni likaanza kutoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, na mshale wa joto ukapanda. Wakalirudisha kwa yule yule. Akasema nozo walizonunua ni feki, zikabadilishwa tena. Likapanda tena Ngorongoro, moshi ule ule. Mara ya tatu ndipo likaja kwangu, kampuni imeshachoka na hela imeshakwenda.

Sikufungua kitu. Nililipeleka barabara ya Kisongo, kama kilomita kumi, nikijitahidi nisikanyage breki. Pale pa tambarare nikaliweka nyutro. Landkruza zito namna ile linatakiwa liserereke lenyewe mwendo mrefu. Hili lilisimama kama limeshikwa mkia. Nikashuka nikagusa ringi moja moja. Za mbele zina uvuguvugu. Ya nyuma kushoto mkono haukukaa.

Tulipofungua, kebo ya hendibreki ilikuwa imejaa tope ndani ya ala yake na imeganda, viatu vya breki vinasugua muda wote. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa tangu siku ya kwanza. Injini ilikuwa inavuta gari lililofungwa breki. Yule bwana alipoongeza mafuta, injini ikapata nguvu ya kulazimisha, dereva akaona amepona. Lakini 1HZ haina tabo, inavuta hewa yenyewe tu. Hapa Arusha tupo kama mita 1,400, ukingo wa Ngorongoro ni kama mita 2,300, hewa ya kule ni pungufu karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na hapa. Mafuta yale yale ya ziada yanakosa hewa ya kuyaunguza, yanatoka moshi na joto.

Sasa sikia sehemu ambayo watu huwa hawapendi. Baada ya kutengeneza breki gari likawa jepesi, lakini pampu bado ilikuwa imeongezwa. Kuirudisha kwenye kipimo chake sawasawa mimi siwezi. Ningeweza kupunguza kwa sikio na kwa kutazama moshi, na hiyo ni kubahatisha. Ilibidi pampu irudi benchini. Kwa hiyo pale mkono wa upana, wa gari zima, ndio ulioona ugonjwa, na mkono wa kuchimba kitu kimoja ndio uliomaliza kazi.

Swali langu kwako kabla sijasema uende au ubaki: katika miaka hii minne, ni magari mangapi umepata ugonjwa wewe mwenyewe, kabla fundi mkuu hajakuambia "fungua hapa"? Usihesabu yale uliyoshika spana. Hesabu yale uliyoyasema wewe, na ikawa kweli.

Benchi_ndo_Mpango
Mzee heshima yako, lakini huyo ni fundi mmoja mvivu, usituweke wote kapu moja. Mimi gari likija na malalamiko ya nguvu lazima nipime kwanza.

Mzee_wa_Spana
Nakuamini, na ile Prado umeitibu kwa haki kabisa. Lakini jiulize Prado ile ilikujia namna gani. Ilikuja nzima, ikiwaka, ukaisikia. Yule bwana wangu naye si mvivu. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za chumba cha pampu zinaingia zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Fundi wa gereji ameshachomoa nozo, anakuletea, unazipima, unazirekebisha, anaondoka nazo. Gari hulioni. Kama ugonjwa haukuwa nozo, hutajua kamwe, maana hawarudi kukuambia. Unaweza kukaa miaka mitano ukiwa hodari wa kutengeneza vitu ambavyo havikuharibika.

Hapo ndipo wasiwasi wangu na kijana kuchimba mapema. Kina chenyewe hakina ubaya. Ubaya ni kuchimba mahali ambapo majibu ya kazi yako hayarudi kwako.

Neema_wa_Mahesabu
Samahani naingilia, mimi si fundi ila nimeguswa. Mimi ni mhasibu, nipo Moshi. Baada ya chuo nilipangiwa kodi tu, miaka mitano, ritani za kodi ya ongezeko la thamani. Nilikuwa mkali, wenzangu wakikwama wananipigia. Nilipoomba kazi ya uhasibu mkuu kwenye hoteli moja, kwenye usaili wakanipa mtiririko wa fedha wa miezi mitatu ya msimu mbaya wakaniuliza hoteli italipa mishahara ya Mei au haitalipa. Sikuweza. Najua kodi ya kila shilingi ila sikuwahi kuona biashara ikiishiwa.

Niliyemfundisha mimi ndiye aliyepata. Alikuwa amepita stoo, mishahara, benki, kila mahali mwaka mmoja mmoja.

Sisemi ni sawa na magari. Ila hiyo ya mfuko wa rambo nimeielewa mno, mimi miaka mitano niliishi kwenye mfuko huo.

Benchi_ndo_Mpango
Dada Neema pole, lakini wewe leo ukifungua ofisi yako ya ushauri wa kodi si unakula vizuri kuliko yeye?

Neema_wa_Mahesabu
Ndiyo, na ndicho ninachokifanya sasa, wateja ninao. Kwa hiyo siwezi kusema miaka ile ilipotea. Nilikosa tu mlango ule mmoja.

Fundi_Mangi_Moshi
Mimi nipo Moshi, njia ya kwenda Himo. Nataka kuongeza kitu ambacho watu wa Arusha hamkioni kwa sababu mnakiogelea. Arusha mna magari ya safari yaliyojazana, na mengi ni injini moja. Mtu anaweza kula kwa 1HZ peke yake, hata kwa gia boksi yake peke yake. Huku kwangu asubuhi ni Noah, saa nne ni trekta, mchana ni fuso ya ndizi, jioni ni pikipiki ya padri. Nilijaribu mwaka 2016 kubaki na dizeli tu. Miezi minne nikarudi kwenye kila kitu maana chumba kilikuwa kitupu siku tatu kwa wiki.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua uangalie unataka kuishi wapi. Kina kinahitaji mji wenye magari yanayofanana. Ukienda kwenye pampu halafu wazee wakakuita nyumbani Rombo, utaanza upya.

Rehema_Waya
Mimi ni fundi umeme wa magari, Njiro. Naona wote mnazungumza kama pampu ni kitu kimoja, na sivyo.

Pampu ya 1HZ ni chuma. Nozo yake inafunguka kwenye presha ya kama baa 150, unaipima kwa pampu ya mkono na macho: inatawanya vizuri au inadondosha. Nozo za reli kama za hiyo Prado zinafanya kazi kwenye presha inayoweza kuzidi baa 1,000, zinafunguliwa na umeme, na kila moja ina msimbo wake ulioandikwa kichwani. Ukibadilisha nozo usipoingiza msimbo huo kwenye kompyuta ya gari kwa Techstream au skana inayoweza, gari litagonga na kutetemeka likiwa linanguruma, na fundi atarudi kusema nozo ni mbovu. Nimeletewa magari ya namna hiyo zaidi ya moja, nozo mpya kabisa, ila misimbo ni ya zile zilizotupwa.

Sasa Chalii, huyo mzee wa Unga Limited benchi lake linapima nini? Kama ni la pampu za chuma tu, unakwenda kujifunza kitu kilicho na kazi nyingi leo Arusha, lakini magari mapya yanayoingia ni ya reli. Na hata magari ya safari ya umeme yameshaanza kuonekana hifadhini, ni machache, ila yapo.

Na jambo la pili. Benchi ni la nani? Mimi maarifa yangu yapo kwenye mita ya mkononi, nikigombana na bosi leo kesho nafanya kazi chini ya mwembe. Fundi pampu bila benchi ni mtu wa kusimulia.

Benchi_ndo_Mpango
Hapo kwenye benchi Rehema kasema kweli, siwezi kubisha. Mimi nilikaa miaka saba kwenye benchi la mtu, nilipoondoka nilikaa mwaka mzima nafungua na kufunga pampu tu, kupima napeleka kwa mwingine namlipa. Lakini 1HZ haifi leo wala kesho, bodi zinabadilishwa injini inabaki.

Dereva_wa_Nyika
1HZ naiamini kwa sababu ikinizimikia porini naweza kuifufua. Hizo za kompyuta zikizima unasubiri kuvutwa.

Chalii_wa_Sakina
Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa na gari mbili za kwenda Natron.

Mzee, nimehesabu kama ulivyosema. Nilikaa na daftari na nikamuuliza na mwenzangu asinipendelee. Yamefika tisa. Kwa miaka minne, tisa tu ambayo nilisema mimi kwanza na ikawa kweli. Manne ni busha na shokapu, mawili breki, moja wayaringi ya taa, moja tenki lililoingia maji, moja belingi ya gurudumu. Kwenye injini hakuna hata moja. Nimeumia kidogo. Nilikuwa najiita fundi wa gari zima.

Ile Prado nimeijaribu kwa chupa. Nozo mbili zinarudisha zaidi ya wenzake, siyo moja. Bosi amekubali zipelekwe kupimwa.

Halafu Jumamosi nilikwenda kukaa kwa yule mzee wa pampu tangu asubuhi mpaka jioni. Zimeingia kazi 11. Nane zilikuja kwenye mfuko kama Mzee alivyosema. Tatu zilikuja na gari. Katika zile tatu, moja aliirudisha bila kugusa pampu, alisema tatizo ni hewa inaingia kwenye mpira wa dizeli karibu na tenki, akaonyesha mapovu kwenye kipande cha mpira mweupe alichounga. Kwa hiyo yeye ugonjwa anaujua, siyo wa kufungua na kufunga tu. Benchi ni la pampu za chuma. Za reli anapima marejeo kwa chupa kama kaka Benchi, zikizidi anatuma Dar.

Mzee_wa_Spana
Tisa si aibu. Aibu ni asiyehesabu. Na angalia vizuri hayo tisa yamelala wapi: yote nje ya injini. Maana yake gereji yako imekupa upana wa chini ya gari, lakini magari 14 ya aina moja yenye fundi mkuu mmoja anayesikiliza injini peke yake hayawezi kukupa zaidi ya hapo. Ukibaki miaka mitatu mingine kwa mtindo huo huo utaongeza busha.

Nikuambie pia kosa langu mimi, usije ukadhani nakusukuma kwenye upana kwa sababu upana huo umenifaa mimi. Nilikaa miaka 15 nikishika kila kitu na nikiona fahari. Magari ya reli yalipoanza kuwa mengi hapa, zile V8 za dizeli zilizoanza 2007 na Prado zake, nilikuwa nayapokea na kuyapeleka kwa wengine. Vijana wadogo wakanipita. Nilitakiwa kuchimba mahali fulani mwaka wa sita au wa saba, wakati macho yanaona na kichwa kinashika. Nilipoanza nilikuwa na miaka 41 na wateja wananisubiri nje, sikupata muda wa kukosea. Mpaka leo za reli nazijua juu juu.

Kwa kijana wa mwaka wa nne, ningekuwa mimi ningekwenda kwa yule mzee, lakini kwa sharti moja zito: kila kazi inayokuja na gari, wewe ndiye unayeendesha gari hilo kabla na baada. Na zile za mfuko, umwombe namba ya fundi aliyezileta, umpigie baada ya wiki moja umuulize gari linasemaje. Akikataa sharti hilo, bora ubaki ukamwombe fundi mkuu wako akuachie injini masika haya.

Rehema_Waya
Mzee sikubaliani na wewe hapo. Miaka mitatu kwenye benchi la chuma akitoka ana 29, anaanza kujifunza reli na umeme akiwa hana hata skana. Kwa nini asibaki, halafu jioni na Jumamosi ajifunze umeme? Mita nzuri na skana ya kawaida ni vitu anavyoweza kununua mwenyewe kidogo kidogo. Na umeme unaingia gari zima, kuanzia kiyoyozi mpaka pampu. Ni kina kinachotembea.

Mzee_wa_Spana
Hoja yako ni nzito na siwezi kuivunja. Ninachojua ni kwamba anayejifunza jioni anajifunza kwa magari yaliyopona. Wagonjwa wanakuja mchana.

Rehema_Waya
Mimi nilijifunza jioni.

Fundi_Mangi_Moshi
Na mimi. Ila sikuwa na mtoto.

Chalii_wa_Sakina
Nimeongea na pande zote mbili jana, niwape mrejesho.

Mzee wa pampu kwenye kuendesha magari amekubali bila shida, alicheka akasema hakuna kijana aliyewahi kumwomba kazi zaidi. Kupigia mafundi simu hajapenda, anaona kama tunajitafutia lawama, wateja wasije kudai warudishiwe hela. Amesema tuone. Nikamuuliza kuhusu za reli, akasema ana mpango wa benchi jipya, lakini hakusema lini, na mimi sikuona dalili.

Bosi wangu hakufurahi, ila amesema kitu ambacho sikutegemea. Masika haya kuna injini tatu za kushushwa, na yupo tayari nizishike mimi chini ya fundi mkuu, kuanzia kupima kompresheni mpaka kuwasha. Mshahara haupandi. Pia amesema nikitaka niende kwa mzee wa pampu kila Jumamosi, pampu na nozo za hizo injini tatu nikazipime mwenyewe kule, kisha nizirudishe nizifunge mwenyewe.

Kwa hiyo hizo tatu nitazifuata tangu zinapofunguliwa mpaka zinapopanda Ngorongoro. Naona huo mfuko wa rambo nitakuwa naujua mwanzo wake na mwisho wake. Tatizo ni kwamba mzee wa pampu anataka mtu wa kudumu, na kuna kijana mwingine kutoka Ngaramtoni ameshafika kuulizia nafasi.

Benchi_ndo_Mpango
Huyo wa Ngaramtoni akiingia, Jumamosi zako zitakuwa za kuosha nozo tu, benchi hutaligusa. Nakwambia kwa kuwa nilishawahi kuwa huyo wa Ngaramtoni, na wa Jumamosi sikumwachia. Umwambie mzee sasa hivi kabisa: pampu tatu, unazipanga wewe mikono yako, yeye anasimama. Na je, fungu la kila kazi mmeandikiana, au ni maneno?

Chalii_wa_Sakina
Ni maneno tu kaka. Naenda kwake kesho asubuhi kabla hajafungua.

Mzee_wa_Spana
Nenda na zile nozo mbili za Prado mkononi. Mwombe muzipime pamoja, uone anakupa nafasi ya kushika au anakuweka pembeni. Halafu urudi hapa utuambie.